HESABU YA RIBA YA MKOPO WA KUNENEPESHA NG'OMBE: KWA NINI HAILINGANI NA YA MKOPESHAJI?

Mfugaji anayekopa ili anenepeshe ng'ombe hutajiwa mambo matatu: kiasi cha mkopo, riba ya kila mwezi na jumla ya kurudisha. Mawili ya kwanza yanamwezesha kuitafuta jumla mwenyewe. Akiipata, mara nyingi haifanani na ile aliyoandikiwa. Hapo wengine hukasirika na kuondoka, na wengine huweka dole gumba kwenye mkataba wakidhani wamekosea wao. Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi ya kujua tofauti hiyo imetoka wapi, kabla ya kutia saini.

Tuchukue mfano wa boma moja. Baba na mama wa boma wanataka kununua madume mawili yaliyokonda, shilingi 580,000 kila moja, na kubakiza 40,000 za dawa ya minyoo na chanjo. Wanahitaji 1,200,000. Mkopeshaji anawaambia riba ni asilimia 3 kwa mwezi, fedha wazichukue mwezi wa Juni na walipe zote kwa mara moja Desemba baada ya kuuza. Kwenye karatasi ameandika rejesho: 1,479,431.

Mama anachukua simu na kukokotoa. Riba ya asilimia 3 ni shilingi 3 katika kila 100. Kwa hiyo deni la 100 baada ya mwezi mmoja linakuwa 103, na njia fupi ya kulipata ni kuzidisha deni kwa 1.03. Wasiolipa chochote katikati, riba ya mwezi wa kwanza inaingia kwenye deni na yenyewe inaanza kutozwa riba mwezi unaofuata, kama mbuzi aliyezaliwa zizini kwako naye anavyokuja kuzaa. Hii ndiyo riba juu ya riba. Kwenye simu unaandika 1200000 × 1.03, unapata jibu, unalizidisha tena kwa 1.03, mpaka mara sita:

Mwezi wa 1: 1,236,000
Mwezi wa 2: 1,273,080
Mwezi wa 3: 1,311,272
Mwezi wa 4: 1,350,611
Mwezi wa 5: 1,391,129
Mwezi wa 6: 1,432,863

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuandika 1.3 badala ya 1.03, na hilo utaligundua upesi maana deni linaruka mno mwezi wa kwanza tu. La pili ni kupoteza hesabu ya mara ulizozidisha. Weka punje sita za mahindi mbele yako na usogeze moja kila unapozidisha. Ukizidisha pungufu bila kujua utamtuhumu mkopeshaji bure, na ukizidisha mara saba utamwona mwema kuliko alivyo.

Basi mama amepata 1,432,863 na karatasi inasema 1,479,431. Tofauti ni 46,568. Swali la baba kwa bwana mifugo lilikuwa fupi: "Huyu anatuibia?"

Jibu halipatikani kwa kuitazama tofauti peke yake. Kwanza hakikisha unalinganisha aina moja ya hesabu. Kama mkopeshaji angetoza riba ya kawaida, isiyozaa riba, jumla ingekuwa 36,000 mara miezi sita, yaani 216,000, na rejesho lingekuwa 1,416,000. Hiyo ni ndogo kuliko ya mama. Karatasi imezidi zote mbili, kwa hiyo kilichoongezeka si namna ya kutoza riba. Kuna fedha nyingine iliyoingia kwenye deni.

Fedha hiyo ni ada. Mkopeshaji alipoulizwa ataje makato yote, alitaja fomu 15,000, ada ya kushughulikia mkopo asilimia 1, yaani 12,000, na bima ya mkopo asilimia 1 nyingine, 12,000. Jumla 39,000. Lakini 39,000 haifiki 46,568, na hapa ndipo wengi hukwama. Zinabaki 7,568 ambazo hazina jina.

Jaribu kuziongeza ada kwenye mkopo kabla ya kuanza kuzidisha. Anza na 1,239,000 badala ya 1,200,000, uzidishe kwa 1.03 mara sita. Utapata 1,479,431, sawasawa na karatasi. Kumbe mkopeshaji hakuwadai ada mkononi. Aliziandika kama sehemu ya mkopo, nazo zikaanza kuzaa riba tangu siku ya kwanza. Zile 7,568 ni riba ya miezi sita juu ya fomu, ada na bima.

Kwa hiyo hesabu ya mama ilikuwa sahihi na ya mkopeshaji pia ilikuwa sahihi, ila zilianzia mahali tofauti. Hata hivyo baba hakukosea kuuliza. Ukitajiwa asilimia 3 na ada zikafichwa ndani ya mkopo, hujaambiwa mzigo wote. Pima hivi: chukua zile 1,200,000 zilizofika mkononi na uzizidishe kwa 1.035 mara sita, yaani kana kwamba riba ni asilimia 3 na nusu na hakuna ada yoyote. Unapata 1,475,106. Karatasi inadai zaidi ya hapo. Maana yake mkopo huu unaoitwa wa asilimia 3 ni mzito kuliko mkopo wa asilimia 3.5 usio na ada. Ndiyo maana ukilinganisha wakopeshaji wawili usilinganishe asilimia zao. Linganisha fedha zitakazofika mkononi na fedha zitakazorudi.

Baada ya kujua hayo, boma lina la kujadiliana. Wakilipa ada zile 39,000 mkononi, kwa fedha ya maziwa au kwa kuuza mbuzi mmoja, rejesho la Desemba linarudi 1,432,863 na zile 7,568 zinabaki kwao. Omba hivyo waziwazi, kisha dai karatasi iandikwe upya. Lakini angalia ada zisiishie kukatwa kwenye mkopo wenyewe. Wapo wanaoandika mkopo wa 1,200,000 wakakukabidhi 1,161,000. Hapo hesabu yako italingana kabisa na ya karatasi, utaridhika, na bado utakuwa umelipia riba fedha ambazo hukuzishika. Dalili yake haipo kwenye karatasi, ipo kwenye noti. Zihesabu mbele yake, au angalia ujumbe wa simu kiasi kilichoingia.

Kuna hali moja ambapo kuzidisha kwa 1.03 mara sita hakufai kabisa, nayo ni pale unapolipa kidogo kidogo kila mwezi. Kaya yenye ng'ombe wa maziwa mara nyingi hukopa hivyo. Deni linapungua kila ukilipa, kwa hiyo riba nayo inapaswa kupungua. Kwa mkopo uleule wa 1,200,000, bila ada, riba ya asilimia 3 inayopungua na salio hutoa rejesho la 221,517 kila mwezi, jumla 1,329,102 kwa miezi sita. Ukitajiwa 236,000 kwa mwezi, jumla 1,416,000, ujue unatozwa 36,000 kila mwezi kana kwamba hujarudisha hata senti, hata mwezi wa sita ambapo umebakiza deni dogo. Mkopeshaji akikuambia "bado ni nafuu kuliko hesabu yako ya 1,432,863," usikubali ulinganisho huo. Yule anayelipa 1,432,863 amekaa na fedha yote miezi sita, na wewe umeanza kurudisha baada ya siku thelathini. Muulize swali moja: mwezi wa pili nitatozwa riba ya shilingi ngapi? Akijibu 36,000, riba haipungui. Kwenye riba inayopungua ingekuwa kama 30,434.

Turudi kwa madume wawili. Kwa rejesho la 1,479,431 kila dume linapaswa kuuzwa 739,716 ili deni tu liishe, kabla hujahesabu pumba, mashudu, ushuru wa mnada na mtu wa kuswaga. Kwa hesabu ya kwanza ya mama ilikuwa 716,432. Tofauti ya shilingi elfu ishirini na tatu kwa dume inaweza kuwa ndiyo faida yenyewe.

Hesabu hiihii inasaidia kuamua siku ya kuuza. Dume aliyeachishwa minyoo na kulishwa vizuri hunenepa kwa kiasi cha siku 90, na baada ya hapo chakula kingi kinaishia kwenye mafuta huku uzito ukipanda polepole. Mwisho wa mwezi wa nne, yaani Oktoba, deni la boma hili ni 1,394,505. Kusubiri bei ya Desemba kunaongeza 84,926. Basi bei ya Desemba isipozidi ya Oktoba kwa 42,463 kwa kila dume, pamoja na gharama ya kuwalisha miezi miwili, kusubiri ni hasara hata kama mnadani wanasema nyama imepanda. Hii inafaa tu ikiwa mkataba unaruhusu kulipa mapema na riba ikakoma siku hiyo. Mikataba mingine inakudai riba ya miezi sita yote hata ukilipa wa nne. Tafuta kifungu hicho, na usipokiona, omba kiandikwe.

Upande wa pili ni kuchelewa. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia wilayani, karantini huwekwa na mnada hufungwa, na deni halijui karantini. Mwezi mmoja wa ziada unalifikisha 1,523,814, yaani 44,383 zaidi, bila kuhesabu faini ya kuchelewa. Faini hiyo iulize kabla: ni kiasi gani, na je, inatozwa juu ya rejesho lote au juu ya mkopo wa mwanzo tu.

Ukienda kusaini chukua karatasi yako yenye mistari sita ya miezi, pamoja na mtoto anayejua kusoma kama wewe husomi. Mwombe afisa mikopo akuandikie mistari yake sita kando ya yako. Mstari wa kwanza usiofanana ndio wa kuulizia. Ukitofautiana tangu mwezi wa kwanza, tafuta ada. Ukifanana mwanzo na kuachana baadaye, mmoja wenu anatoza riba juu ya riba na mwingine hatozi. Ukifanana mpaka mwisho, hesabu noti.