Ukurasa wa mipangilio au faili lenyewe?

Kijana anayejifunza kuandika programu anafungua Visual Studio Code kwenye kompyuta yake. Mwalimu wake amemwambia apunguze nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari kila anapobonyeza kitufe cha Tab, kutoka nne hadi mbili. Anabonyeza `Ctrl` na alama ya mkato kwa pamoja, ukurasa wa mipangilio unafunguka, anaandika `tab size` kwenye kisanduku cha kutafutia, anafuta 4 na kuweka 2. Kazi ya nusu dakika. Anarudi kwenye kazi yake, anabonyeza Tab, na kishale kinaruka nafasi nne kama jana.

Wengi wakifika hapo hudhani ukurasa umewadanganya. Husikia kwamba wataalamu hawautumii, kwamba wao huenda moja kwa moja kwenye faili liitwalo `settings.json`, basi nao hulitafuta. Wakilifungua wanakuta hivi:

```json
{
    "editor.tabSize": 2
}
```

Yaani ukurasa ulifanya kazi yake sawasawa. Badiliko limeandikwa, na limeandikwa humo humo kwenye faili ambalo angelihariri kwa mkono. Hili ndilo jambo la kwanza la kulielewa: ukurasa hauna ghala lake la siri. Ni dirisha tu juu ya faili. Kile kinachosomeka ukurasani kama `Editor: Tab Size` kinaitwa `editor.tabSize` ndani ya faili, na ukigusa kimoja, kingine kinabadilika papo hapo.

Historia ya programu hii inaonyesha hivyo pia. Microsoft ilipoitangaza Visual Studio Code mwaka 2015, ukurasa huo haukuwepo. Mtumiaji alifunguliwa maandishi mawili ubavu kwa ubavu: upande mmoja mipangilio ya kiwandani, asiyoweza kuigusa, na upande wa pili faili lake mwenyewe la kujaza. Ukurasa wenye visanduku vya kutiki na orodha za kuchagua ulikuja mwaka 2018, ukajengwa juu ya faili lile lile.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Jibu la tatizo lake lilikuwa limeandikwa ukurasani, juu tu ya kile kisanduku alichobadilisha. Maelezo yale yanasema kwamba idadi hiyo hupuuzwa pale mpangilio mwingine, `Editor: Detect Indentation`, unapokuwa umewashwa. Na kiwandani huja umewashwa. Kazi yake ni kulichungulia kila faili linapofunguliwa, kuona limeandikwa kwa nafasi ngapi, kisha kuufuata mtindo huo. Kazi ya kijana ilikuwa tayari na nafasi nne kila mstari, kwa hiyo programu ikafuata nne. Njia ya kulithibitisha ni kutazama pembe ya chini kulia ya dirisha. Pakiwa na `Spaces: 4`, basi kwa faili lile ni nne, hata kama mipangilio inasema mbili. Jina la ule mpangilio mwingine limewekwa kama kiungo. Akilibofya anapelekwa hapo hapo, anaondoa tiki, na tatizo limekwisha.

Hapo ndipo ukurasa unapoonyesha thamani yake. Mipangilio ya programu hii ni mamia, na hakuna anayeijua yote kwa kichwa. Anayeanza kwenye faili tupu anatakiwa awe tayari anajua jina la kitu anachokitafuta. Anayeanza ukurasani anahitaji neno moja tu linalokaribiana nacho. Akiandika `auto save` analetewa orodha ya chaguo nne za kuhifadhi kazi: isijihifadhi yenyewe, ijihifadhi baada ya muda mfupi, ijihifadhi anapohamia faili jingine, au anapohamia dirisha jingine. Hawezi kukosea tahajia kwa sababu haandiki chochote, anachagua tu. Na kando ya kila alichowahi kubadilisha pana mstari mwembamba wa rangi upande wa kushoto. Akitaka kuviona vyote kwa pamoja, aandike `@modified` kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kurudi nyuma nako ni rahisi. Kitufe chenye picha ya gia kando ya mpangilio kina chaguo la `Reset Setting`. Ukilibofya, mstari wake unafutika kwenye faili, maana faili huandikwa yale tu yaliyotofautiana na ya kiwandani. Ndiyo sababu faili la mtu aliyetumia programu hii kwa miaka linaweza kuwa na mistari ishirini tu.

Na hiyo mistari ishirini ndiyo hoja ya upande wa pili. Ukurasa hukuonyesha mipangilio jinsi watengenezaji walivyoipanga, sehemu kwa sehemu. Faili hukuonyesha maamuzi yako wewe, yote, kwa mtazamo mmoja, katika mpangilio uliouchagua. Zaidi ya hapo, faili hukuruhusu kuandika sababu. Mstari wowote unaoanza na mikwaju miwili hupuuzwa na programu na kusomwa na binadamu tu:

```json
{
    "editor.tabSize": 2,
    "editor.detectIndentation": false,
    // Python: mwongozo wake unataka nafasi nne
    "[python]": {
        "editor.tabSize": 4
    }
}
```

Ule mstari wa Kiswahili katikati hauna mahali pa kukaa kwenye ukurasa. Baada ya miezi minane, mwenye faili anapojiuliza kwa nini Python ina kanuni yake, jibu lipo mbele ya macho yake. Kipande cha `[python]` nacho kinasomeka vizuri zaidi hapa: nafasi mbili kwa kila kitu, nne kwa Python. Ukurasa unaweza kufanya hivyo pia, ukiandika `@lang:python` kabla ya kutafuta, lakini ni wachache wanaojua, na ukishafanya huwezi kuona kanuni mbili zikiwa zimekaa pamoja. Tena ipo mipangilio ambayo ukurasa wenyewe unakiri kuwa haiuwezi. Mahali pa kisanduku huweka kiungo cha `Edit in settings.json` na kukusukuma kwenye faili.

Kulifungua hakuhitaji kuchimba folda. Ni `Ctrl+Shift+P`, kisha `Preferences: Open User Settings (JSON)`. Anayehama kompyuta atalikuta `%APPDATA%\Code\User\settings.json` kwenye Windows na `~/.config/Code/User/settings.json` kwenye Linux. Analinakili kwenye flashi na kwenda nalo. Aangalie tu mistari inayotaja njia za folda, kwa kuwa njia ya kompyuta ya zamani huenda haipo kwenye mpya.

Lakini faili linapong'ara kweli kweli ni watu wanapofanya kazi pamoja. Ndani ya folda ya mradi kunaweza kuwekwa folda ndogo iitwayo `.vscode`, na ndani yake `settings.json` nyingine. Hiyo husafiri na mradi. Kila anayeupakua anapata nafasi zile zile na kanuni zile zile, bila mtu kutumiwa maelekezo ya kubofya hapa na pale. Na badiliko likifanywa, historia ya Git inaonyesha nani alibadilisha mstari gani, na lini. Kwenye ukurasa, mipangilio hiyo iko chini ya kichupo cha `Workspace`, kando ya kile cha `User`, na kanuni ya jumla ni kwamba ya mradi huishinda ya mtu binafsi.

Kanuni hiyo ina mtego mmoja. Tuseme kijana wetu, mwenye lile faili lililoonyeshwa hapo juu, anajiunga na mradi ambao hata Python yake inaandikwa kwa nafasi mbili. Miradi ya namna hiyo ipo. TensorFlow ni mmojawapo. Wenzake wameandika `"editor.tabSize": 2` kwenye faili la mradi na wanaamini wamemaliza. Kijana anafungua faili jipya la Python, anabonyeza Tab, na anapata nne. Sababu ni kwamba mpangilio uliowekewa lugha maalumu huushinda usiotaja lugha, hata kama huo wa pili umetoka kwenye mradi. Kile kipande chake cha `[python]` kimeupiku mstari wa timu nzima. Dawa ni timu nayo kuandika kipande cha `[python]` kwenye faili la mradi. Hapo mradi unashinda. Anayetazama kichupo cha `Workspace` peke yake anaweza kushinda siku nzima bila kuliona hili, ila akiyaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu, mgongano unajionyesha wenyewe.

Bei ya uhuru wa faili ni makosa ya uandishi, na si yote yanayopiga kelele. Ukisahau mkato mwishoni mwa mstari, programu hupiga mstari mwekundu chini ya kinachofuata na kuandika `Expected comma`. Hilo ni rahisi kuliona ukiwa ndani ya faili. Asiyeliona, akalifunga na kurudi ukurasani, atashangaa: anapojaribu kubadilisha kitu, ujumbe unatokea unaoanza na `Unable to write into user settings`. Ukurasa hauwezi kuandika kwa uhakika kwenye faili lililovunjika. Ujumbe huja na kitufe cha kulifungua. Mkato ukirudishwa na faili likihifadhiwa, ukurasa unaamka.

Makosa ya kimya ndiyo ya kuogopa. Anayeandika `editor.tabsize` kwa s ndogo hapati ujumbe wowote wa kumkatiza. Jina hilo linafifia tu, na akiliwekea kishale cha kipanya anaambiwa `Unknown Configuration Setting`. Kadhalika anayebandika mistari aliyopewa na rafiki bila kutazama anaweza kuwa na jina moja mara mbili; hapo la chini ndilo linalofuatwa, na yeye anahangaika kulirekebisha la juu. Kwa hiyo anayehariri kwa mkono asiandike majina kwa kukariri. Abonyeze `Ctrl+Space` ndani ya faili, programu itamletea majina sahihi na thamani zinazokubalika, karibu sawa na orodha ya ukurasani.

Wanaoifanya kazi hii kila siku hawachagui upande. Wanautafuta mpangilio ukurasani, wanasoma maelezo yake, wanaujaribu kwao kwanza. Ukiwafaa, wanabofya ile gia na kuchagua `Copy Setting as JSON`, wanafungua `settings.json` ya mradi, wanabandika mstari ukiwa na jina na thamani bila kosa la herufi, na juu yake wanaandika kwa mikwaju miwili kwa nini umewekwa.