Madeni ya duka kwenye picha: jumlisha kabla ya kutoa fedha

NYAISHOZI, Karagwe. Mtu anapotaka kununua hisa katika duka la jumla, au kumkopesha mwenye duka, swali la kwanza huwa ni mali iliyomo ghalani. Swali la pili, ambalo mara nyingi lina fedha nyingi zaidi, ni madeni ya wateja. Siku hizi jibu la swali hilo huja kwa simu: mwenye duka hupiga picha ya skrini ya kompyuta, ikionyesha ripoti ya wadaiwa kwa umri wa madeni, na kuituma. Mwekezaji huangalia namba iliyo pembeni chini kulia, huiamini, na bei hupangwa.

Namba hiyo inaweza kuwa sahihi. Lakini picha si daftari. Inaweza kukatwa juu au chini, alama ndogo ikafifia, na tarakimu mbili zikafanana. Bahati nzuri ni kwamba ripoti ya aina hii ina njia ya kujikagua yenyewe, na inahitaji karatasi, kalamu na kikokotoo tu.

Ripoti inavyosomeka

Kila mteja ana mstari wake. Salio lake limegawanywa katika safu kwa kadiri deni lilivyochelewa. Katika programu ya `QuickBooks` ripoti hiyo huitwa `A/R Aging Summary`. Safu ya `Current` ni deni ambalo siku yake ya kulipwa haijapita. `1 - 30` ni lililochelewa hadi siku thelathini, na kadhalika hadi `> 90`, ambako hukusanyika madeni yote yaliyopitisha siku tisini. Safu ya mwisho, `TOTAL`, ni salio zima la mteja. Mstari wa mwisho chini ni jumla ya kila safu.

Kwa hiyo fedha zilezile zimejumlishwa mara mbili: kwa kwenda kulia na kwa kushuka chini. Njia zote mbili lazima zikutane kwenye namba moja ya pembeni. Hapo ndipo ukaguzi unapoanzia.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la kubuni hapa Nyaishozi, linalouza saruji, sukari, sabuni na mabati kwa wenye maduka madogo ya vijijini. Picha imetumwa ikiwa na tarehe ya 31 Machi. Mnunuzi amenakili alichokiona kama ifuatavyo, kwa maelfu ya shilingi:

```
       Current  1-30  31-60  61-90   >90  TOTAL
K01        420   380      0      0     0    800
K02          0   650    240      0     0    890
K03       1150     0      0      0   300    850
K04          0     0      0    540  1260   1800
K05        275   310    135      0     0    770
K06          0     0      0      0  2450   2450
TOTAL     1845  1470    425    540  3930   8210
```

Mwenye duka anasema anadai Sh 8,210,000, na anataka mnunuzi wa nusu ya duka ayahesabu madeni hayo shilingi kwa shilingi.

Kwanza, kwenda kulia

Jumlisha kila mstari na uulinganishe na salio la mteja. Anayetumia jedwali la Eksel, akiwa ameweka majina safu ya A na mteja wa kwanza mstari wa 2, ataandika fomula hizi, ya kwanza kwa mistari na ya pili kwa safu:

```
=SUM(B2:F2)-G2
=SUM(B2:B7)-B8
```

Jibu likiwa sifuri, mambo ni sawa. Katika mfano wetu mistari minne inatoa sifuri. Miwili haitoi. K03 inajumlisha 1,450 wakati picha inasema 850, tofauti ya 600. K05 inajumlisha 720 wakati picha inasema 770, tofauti ya 50.

Tofauti ya 600 ina siri yake. Nusu yake ni 300, na 300 imo kwenye mstari huohuo. Tofauti inapokuwa maradufu ya namba iliyopo, shuku alama ya kutoa. Mnunuzi akiikuza picha ataona kistari kidogo mbele ya 300, au katika programu nyingine mabano, vitu ambavyo hupotea kirahisi picha inapopunguzwa ukubwa. K03 hadaiwi hiyo laki tatu. Ni fedha yake iliyoko dukani.

Tofauti ya 50 ni ya aina nyingine. Iko kwenye mstari wa K05, na tukishuka chini tunaikuta tena kwenye safu ya `31-60`: nakala inatoa 375, picha inasema 425. Mstari wenye kosa na safu yenye kosa hukutana kwenye chumba kimoja tu, nacho ni kile cha 135. Tazama tena: ni 185. Nane iliyofifia imesomwa tatu.

Kama tofauti ingekuwa inagawanyika kwa tisa, mathalani 540 iliyoandikwa 450, jambo la kwanza la kushuku lingekuwa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Pili, kushuka chini

Baada ya masahihisho hayo mistari yote sita inatoa sifuri. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo penye hasara.

Safu za `Current`, `31-60` na `61-90` sasa zinakubaliana na picha. Lakini `1-30` inatoa 1,340 badala ya 1,470: pungufu 130. Safu ya `>90` inatoa 3,410 badala ya 3,930: pungufu 520. Safu ya `TOTAL` inatoa 7,560 badala ya 8,210: pungufu 650. Jumlisha 130 na 520 upate 650.

Namba za wateja zote ni sahihi, ila jumla za chini ni kubwa kuliko wao. Maana yake ni moja: kuna mteja, au wateja, ambao kompyuta imewajumlisha lakini picha haikuwaonyesha. Kioo kilikuwa kifupi, mwenye duka akapiga picha mbili na kutuma kipande, au mstari ukabaki umefunikwa. Mnunuzi hamjui mtu huyo jina, lakini tayari anajua kwamba anadaiwa Sh 650,000, na kwamba 520,000 kati ya hizo zimepitisha siku tisini.

Angalia pia jinsi kosa moja lilivyolificha jingine. Kabla ya kurekebisha ile alama ya kutoa, safu ya `>90` ilikuwa imezidi kwa 80 tu, kiasi ambacho mtu mwenye haraka angekiita kichele. Ndani ya hiyo 80 kulikuwa na makosa mawili, moja la 600 na jingine la 520, yakivutana. Ndiyo maana tofauti ndogo haipaswi kusamehewa kwa udogo wake.

Kosa la mwisho la kunakili hutokea mtu anapotumia programu ya simu inayosoma maandishi kwenye picha. Baadhi ya ripoti huacha chumba kitupu badala ya kuandika sifuri, na programu ikakiruka, hivyo namba ikasogea kushoto. Mstari bado utatoa sifuri, kwa kuwa kiasi ni kilekile. Litakalofichua ni safu mbili, moja ikizidi na nyingine ikipungua kwa kiasi sawasawa. Kosa hili ni baya kwa sababu hulifanya deni la zamani lionekane jipya.

Jumla kukubali si deni kuwa la kweli

Mnunuzi akishapata picha ya pili na kumwongeza mteja wa saba, kila kitu kinakutana kwenye 8,210. Amethibitisha kwamba amenakili sawasawa, basi. Ili kujua kama ripoti yenyewe ni ya kweli, aombe salio la akaunti ya wadaiwa katika leja kuu kwa tarehe ileile ya 31 Machi. Lisipokuwa 8,210, kuna ingizo lililopita upande mmja na kuacha mwingine. Kisha achague wateja wachache wenye salio kubwa na kuwauliza wenyewe wanadaiwa kiasi gani.

Jambo lililobaki ni safu ya `>90`. Inaonyesha 3,930, lakini hiyo ni baada ya kutoa laki tatu za K03. Madeni ya zamani hasa ni 4,230, zaidi ya nusu ya jumla yote. Kama laki tatu hizo ni malipo ambayo karani hakuyaoanisha na ankara, K03 anadaiwa 850 na hesabu haibadiliki. Kama ni amana ya mabati ambayo hajapewa, basi duka linadai 8,510 na lenyewe linadaiwa 300 za bidhaa. Mnunuzi wa nusu ya duka ananunua na deni hilo.

Katika Karagwe na Kyerwa siku tisini peke yake hazitoshi kulihukumu deni. Fedha nyingi za vijijini hufuata kahawa, na msimu wa kununua hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, wakulima wakipeleka mazao kwenye vyama vyao vya msingi. Deni ambalo siku yake ya kulipwa ilikuwa Novemba, kwenye ripoti ya 31 Machi liko ndani ya `>90`, lakini huenda linasubiri mavuno tu. Deni la Aprili ya mwaka uliotangulia nalo limo katika safu hiyohiyo, ila hilo limeuona msimu mzima ukiingia na kutoka bila kulipwa.

Ripoti ya muhtasari haiwatenganishi hawa wawili. Inayowatenganisha ni `A/R Aging Detail`, yenye tarehe ya kila ankara. Tuseme inaonyesha kwamba 1,260 za K04 ni za Novemba, na 2,450 za K06 ni za Aprili iliyopita. La K04 linaweza kuingia katika bei kwa masharti ya kungoja Mei na Juni. La K06 litolewe. Madeni ya kujadiliana bei yanakuwa Sh 5,760,000, nalo la K06 likilipwa siku moja, libaki la mwenye duka wa zamani.

Mnunuzi adai picha kamili: kichwa cha ripoti chenye tarehe, kila mstari hadi wa mwisho, na jumla. Iliyo bora zaidi ni faili lenyewe badala ya picha. Mwenye duka akisema faili halipo, akubali mnunuzi akae mbele ya kompyuta ile na kuisogeza ripoti kwa mkono wake kutoka jina la kwanza hadi la mwisho.