Wivu, Husuda na Chuki

Miongoni mwa maneno ya nafsi ambayo wasemaji wa Kiswahili huyachanganya kila uchao, hakuna matatu yaliyokaribiana kama wivu, husuda na chuki. Wala si ajabu, kwa kuwa moyo wenyewe huyachanganya, na aliyelala na la kwanza huweza kuamka amekwisha kufika la tatu. Hata hivyo lugha imeyawekea mipaka, na mipaka hiyo haionekani mahali popote waziwazi kama katika uke wenza.

Natujaalie mtu ameoa mke wa pili, na yule mkubwa, aliyezoea kuwa peke yake, sasa anaishi kwa zamu. Usiku usiokuwa wake hapati usingizi. Akisikia komeo la chumba cha pili likitiwa, hugeuka upande wa ukutani. Huo ndio wivu, ambao watu wa kale wa pwani wakiuita pia ngoa, na aliyezidiwa nao wakisema analia ngoa. Mwenye wivu wa namna hii ana chake, au anaamini ni chake, naye anachelea kupokonywa. Kwa hiyo haoni haya kuutaja mbele ya mashoga zake, nao humpa pole.

Kisha mume akaleta bangili za dhahabu, akampa mdogo peke yake. Mkubwa akimwonea mwenzake wivu, au gere, neno ni lile lile ingawa jambo limegeuka, maana sasa hakilindi kilicho chake bali anatamani kilicho cha mwingine. Upana huu wa neno ndio unaowalazimu wenye magazeti, wanapoeleza ugomvi wa nyumbani, kuandika wivu wa mapenzi, na wahimizaji wa kazi kusema wivu wa maendeleo. Lakini bado hajatoka katika wivu, na alama yake ni kwamba akiletewa jozi kama ile, roho yake itatulia.

Ikiwa jozi hiyo haitamtuliza, na badala yake anaomba kimoyomoyo zile za mwenzake ziibiwe, ijapokuwa yeye hatafaidi hata pete moja, hapo ameingia katika husuda. Wanazuoni wa Kiislamu, akiwemo Imamu Ghazali, walitenga hasadi, yaani kutaka neema imwondokee aliyenayo, na ghibta, yaani kutamani mfano wake bila ya kutaka iondoke. Kiswahili kililipokea lile la kwanza likaenea hadi bara, na la pili likabaki katika darasa za misikitini, kazi yake ikafanywa na wivu. Hasidi ndiye anayetajwa mwisho katika Sura ya 113, miongoni mwa shari ambazo mja huomba kinga, na ndiye anayeogopwa hata na mtu anayesifiwa. Kwa hiyo mwenye adabu akimsifu mtoto wa watu hutanguliza Mashaallah, asije akadhaniwa ana kijicho.

Kwa sababu hiyo hakuna anayekiri kwamba ana husuda. Husuda daima ni ya fulani, na jina la kanga lisemalo hasidi hana sababu huvaliwa ili yeye alisome. Ajabu ni kwamba kitenzi chake kimekwenda njia nyingine: siku hizi mtu husema, bila ya haya, namhusudu mwimbaji yule, akikusudia kwamba anampenda na kumstaajabia. Kitenzi kimesafishwa, nomino imebaki na sumu yake.

Chuki haihitaji neema. Mke mdogo akiachwa, akarudi kwao mikono mitupu, bangili zimekwisha kuuzwa, husuda hukosa chakula ikafa. Kama mkubwa bado hataki kulisikia jina lake, kilichobaki ni chuki. Nayo ikiulizwa hujibu: alinitukana, alinifitini kwa mume wangu. Sababu yaweza kuwa dhaifu, lakini ipo na hutajwa. Ila kitenzi chake chataka tahadhari, kwani Unguja ukiambiwa fulani amechukia, pengine maana yake ni kwamba ameudhika tu, na kabla ya Isha watakuwa wamekwisha kupatana. Lakini ukiambiwa ana chuki na wewe, jambo hilo si la siku moja.

Basi mwandishi anayeandika kwamba jirani alilichoma moto duka la mwenzake kwa wivu, ilhali aliyechoma hakuwa akifanya biashara wala hakutaka kuifanya, amelipunguza kosa. Aandike husuda, na ikiwa moto ulitiwa baada ya duka kufilisika, aandike chuki.