Pointi 74 zinazobaki: jinsi ya kusoma buletini kabla ya mwisho wa mwaka

Kindu, Maniema. Periode ya tatu imekwisha na msichana wa mwaka wa tatu wa humanite ameleta buletini nyumbani. Kwa hesabu amepata 24 kwa 40, ni kusema asilimia 60. Mama yake anafurahi. Semestri ya kwanza ilikuwa nyekundu, sasa mtoto amepita nusu. Msichana naye anajiambia kwamba akiendelea kupata nusu tu, somo hilo limeokoka.

Hesabu yenyewe haisemi hivyo. Katika shule za sekondari za Kongo pointi zinajumlishwa tangu Septemba hadi mtihani wa mwisho, na zile za kwanza hazifutiki.

Kila somo lina maksima yake. Hesabu ya darasa hili iko na maksima ya 40 kwa periode. Mtihani wa semestri unahesabiwa mara mbili ya periode, kwa hiyo 80. Periode mbili na mtihani mmoja zinafanya 160 kwa semestri, na semestri mbili zinafanya 320 kwa mwaka. Ili afikishe nusu, msichana anahitaji pointi 160.

Hadi sasa anazo ngapi? Periode ya kwanza alipata 14, ya pili 17, na mtihani wa semestri 31 kwa 80. Hiyo ni 62 kwa 160. Ukiongeza 24 za periode ya tatu, anafika 86.

Kutoka 160 ukitoa 86, zinabaki 74 za kutafuta. Mahali pa kuzitafuta ni pawili tu: periode ya nne yenye 40 na mtihani wa mwisho wenye 80, jumla 120. Pointi 74 kwa 120 ni karibu asilimia 62. Akipata nusu tu, ataongeza 60 na kufunga mwaka na 146. Atakosa pointi 14, na somo litabaki nyekundu.

Wengi wanajidanganya hapa kwa sababu wanatazama asilimia ya periode moja peke yake. Asilimia 60 ya periode ni pointi 24, lakini asilimia 60 ya mtihani ni 48. Kwa hiyo periode moja ya asilimia 60 haitoshi kufunika mtihani wa 31 kwa 80 wa semestri ya kwanza.

Hesabu hiyo hiyo inaingia pia ndani ya periode. Tuseme mwalimu wake ametangaza kazi tatu kwa periode ya nne: intero ya 10, kazi ya nyumbani ya 10, na intero kubwa ya 20. Msichana amekwisha kupata 6 na 7, ni kusema 13. Akitaka kufunga periode na 26, intero kubwa lazima impe 13 kwa 20. Akikosa kuja siku hiyo bila ruhusa na mwalimu akiandika sifuri, zile 20 hazitoki kwenye maksima. Anabaki na 13 kwa 40, na mtihani utamdai 61 kwa 80. Kama kazi za periode zinapita 40, mwalimu anazirudisha kwenye maksima: 39 kwa 60 inaandikwa 26 kwa 40.

Kuna pia mpaka ambao hauvukiki. Mwanafunzi anayeingia mtihani wa mwisho na pointi chini ya 80 katika somo hili, hata akipata zote 80, hafiki 160. Wakati huo masaa yake yana faida zaidi kwa somo lingine ambalo bado linaweza kuokoka.

Maksima yanaonyesha pia uzito wa kila somo kwa jumla ya mwaka. Somo la maksima 10 kwa periode lina 80 kwa mwaka. Kupanda asilimia 5 huko kunaleta pointi 4. Katika hesabu, asilimia 5 hizo ni pointi 16. Lakini somo dogo lililo chini ya nusu nalo linahesabiwa kama somo lililoanguka, hata kama jumla ni nzuri, na walimu wanalitazama wanapoketi kuamua nani anapanda.

Kwa mama wa Kindu swali ni la pesa pia. Kusoma bila malipo, kulikoanza Septemba 2019, ni kwa shule za msingi za serikali. Sekondari mzazi analipa, na kurudilia darasa ni kulipa mwaka mzima mara ya pili.

Intero kubwa imerudi: 13 kwa 20. Periode ya nne inafungwa na 26, jumla 112. Zinabaki pointi 48 kwa mtihani wa 80. Mara ya kwanza msichana alipata 31. Sasa anajua anatafuta 17 zaidi.