Barua ya Mama kwa Mwalimu Mkuu: Mkimbiaji Aongezewe Nini?

Mtoto akifunga shule amekonda, mama wa mkimbiaji hukimbilia neno moja: nyama. Anaandika, "Mwalimu, mwanangu anafanya mazoezi na hapewi nyama ya kutosha." Mwalimu mkuu mwenye wavulana 900 mezani huisoma barua hiyo mara moja tu, kisha huiweka kando. Nyama ya mmoja ni malalamiko ya mia nane tisini na tisa.

Barua inayojibiwa huanza na hesabu. Tuseme kijana ni wa kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Bonde la Ufa, ana kilo 54, na anakimbia mita 1,500. Asubuhi kabla ya darasa anakimbia kilomita 10, jioni anarudi uwanjani. Mtu anayekimbia huteketeza takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili katika kila kilomita, kwa hiyo mbio za asubuhi pekee zinamla kalori 540 kabla kengele ya kwanza haijalia.

Sasa tutazame sahani yake. Asubuhi uji kikombe na vipande viwili vya mkate. Mchana githeri, yenye kama gramu 120 za mahindi makavu na gramu 60 za maharagwe. Usiku ugali wa robo kilo ya unga na sukuma wiki. Ukijumlisha, protini ni gramu 55 hivi na nishati ni kalori 2,000 hivi. Wataalamu wa lishe ya michezo huwashauri wanamichezo wapate gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa huyu, tukichukua gramu 1.4, anahitaji kama gramu 76. Amepungukiwa na gramu 21. Lakini kwa nishati, kijana wa umri huo anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku anahitaji karibu kalori 3,000. Hapo amepungukiwa na theluthi nzima.

Upungufu huo wa pili ndio unaomkondesha. Mwili ukikosa nishati huichoma protini kama kuni, hata mayai na maziwa yakaishia motoni badala ya kujenga misuli. Ndiyo maana mama asiombe kipande cha nyama juu ya sahani ndogo. Aombe sahani iliyojaa kwanza.

Na githeri si chakula cha kudharauliwa. Mahindi yana upungufu wa lisini, kiungo kimojawapo cha protini, nayo maharagwe yanayo kwa wingi. Yakichanganywa yanazibana mapengo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti juu ya vijana 12 wakimbiaji wa Kikalenjin. Walikula zaidi mahindi na maharagwe, na walipata wastani wa gramu 88 za protini kwa siku. Walikuwa wanakula kingi, basi.

Kwa kijana wetu, sahani ya pili ya githeri na kikombe cha maziwa cha robo lita vinaongeza gramu 32 za protini na kalori 790 hivi. Anafika gramu 87, na nishati inakaribia panapotakiwa. Kwa hiyo barua yake inaweza kuwa fupi:

"Mwalimu Mkuu, mwanangu wa kidato cha tatu yuko kwenye kikosi cha riadha. Alifungua muhula akiwa na kilo 56, leo ana 54. Naomba apewe sahani ya pili ya githeri na kikombe cha maziwa mara tu baada ya mazoezi ya jioni, kabla githeri iliyobaki haijarudishwa stoo. Gharama ya maziwa nitailipa mimi. Iwapo wakimbiaji wengine nao watahitaji, niko tayari kuzungumza na wazazi wao. Mwalimu wa michezo ana nakala ya barua hii."

Hapo hakuna upendeleo wa mtoto mmoja, mpishi hawashi jiko jipya, na mhasibu hapati deni. Shule nyingi tayari huwa na mlo maalumu kwa wenye vidonda vya tumbo, kwa hiyo njia ya jikoni ipo. Kitu kisichofaa kutumwa ni mikebe ya unga wa protini. Baadhi huchanganyika na dawa zilizopigwa marufuku, na kijana akipimwa, jibu ni lake peke yake.

Matokeo yapimwe kwa mizani ya zahanati ya shule kila wiki mbili, asubuhi kabla ya kula. Uzito ukizidi kushuka, au mifupa ya miguu ikaanza kuuma kila anapokimbia, sahani bado ni ndogo au mazoezi ni mengi mno, na daktari amwone.

Riadha za sekondari Kenya kwa desturi hufanyika muhula wa kwanza. Mama anayetaka jibu aipeleke barua hiyo Novemba, kabla shule haijaagiza chakula cha Januari.