Risala ya Mahafali kwa Kiingereza: Silabi, Mizani na Pumzi ya Msomaji Mzawa wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mzungumzaji wa Kiswahili anavyoweza kutunga risala ya mahafali kwa Kiingereza katika mistari mifupi inayotamkika. Hoja yake ni kwamba urefu wa mstari peke yake si kipimo. Kinachoamua ni umbo la silabi, mahali pa mkazo na mwisho wa kila neno, na mambo hayo huanza kuamuliwa na mwandishi kabla hayajamfikia msomaji.

Utangulizi

Katika shule za sekondari za Tanzania, mahafali huwa na kipengele ambacho hakikosekani: mhitimu mmoja husimama mbele ya mgeni rasmi, wazazi na walimu, akasoma risala kwa niaba ya wenzake. Risala hiyo hueleza wahitimu ni wangapi, hushukuru, hutaja mafanikio, kisha hufikia changamoto na maombi. Ombi ndilo kiini chake. Shule inayohitaji kisima, bweni au madawati huenda isipate nafasi nyingine mwaka huo ya kulisema jambo hilo mbele ya mtu mwenye uwezo wa kulishughulikia.

Kwa kuwa lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, mara nyingi risala huandikwa kwa lugha hiyo, na anayeiandika ni mwanafunzi ambaye aghalabu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Hapo huzuka desturi ya kurithishana risala za miaka iliyopita, zenye sentensi ndefu za kiofisi. Ifuatayo imetungwa kwa mfano wa sentensi hizo: “We take this golden opportunity to express our heartfelt gratitude to our beloved parents and the teaching staff for their tireless support throughout the four years.” Sentensi hii haina kosa la sarufi. Hata hivyo ina mizani zaidi ya 40 na haina mahali dhahiri pa kuvuta pumzi. Aidha, katikati yake, pale “heartfelt” inapokutana na “gratitude”, konsonanti nne zinafuatana bila irabu. Msomaji hujikwaa hapo, huongeza kasi ili aokoe muda, na afikapo kwenye ombi sauti imekwisha.

Silabi na mwisho wa neno

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Maneno yaliyotoholewa yanathibitisha jambo hilo: benki, stempu, klabu, lifti. Mwanzoni mwa neno lugha imekubali mifuatano ya konsonanti, kama katika skuli, treni na glasi, lakini mwishoni hudai irabu. Kwa hiyo ugumu mkubwa wa Kiingereza kwa msomaji huyu huwa mwishoni mwa maneno kuliko mwanzoni. Neno “strengths” ni silabi moja kwa Mwingereza. Katika kinywa kilichozoea silabi wazi, linaweza kuwa nne au tano.

Mwandishi ana njia mbili za kukabili hali hiyo. Ya kwanza ni kuchagua maneno ambayo tayari yana umbo la Kiswahili. Kiingereza cha Afrika Mashariki hakitamki “r” ya mwisho, hivyo “water” husikika wota, “mother” husikika madha, na “teacher” husikika ticha. Haya ni maneno ya silabi wazi mbilimbili, na mkazo wake uko pale pale ambapo Kiswahili kingeuweka. Sauti ya “th” katika “mother” haimsumbui aliyezoea kutamka dhahabu na thamani. Humsumbua yule ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti hizo, naye hana budi kuchunguzwa peke yake.

Njia ya pili haizingatiwi sana, lakini ina manufaa makubwa zaidi: neno linaloishia kwa konsonanti litanguliwe kwa makusudi mbele ya neno linaloanza kwa irabu. Konsonanti ile huhama na kuwa mwanzo wa silabi inayofuata. Mstari “You gave us all you had” una maneno manne kati ya sita yanayoelekea kumtega msomaji kwenye karatasi, au hivyo ndivyo unavyoonekana. Ukitamkwa kwa mfululizo huwa yu-ge-va-so-lyu-had: mizani sita, na ni mwisho tu wa mstari uliobaki na konsonanti. Linganisha na “You provided support”, ambao ni mfupi kwa maneno lakini una “d” na “s” zinazogongana katikati na “t” inayoning’inia mwishoni.

Kitenzi cha wakati uliopita kinastahili uangalifu wa pekee. Katika “helped” na “asked” alama ya wakati ni konsonanti moja inayofuata nyingine, nayo ndiyo ya kwanza kudondoka. Ikidondoka, shukrani kwa yaliyotendwa husikika kama maelezo ya yanayotendwa kila siku. Vitenzi vinavyobadili irabu ya ndani, kama “gave”, “came” na “taught”, havina hatari hiyo, kwa sababu wakati umekaa ndani ya silabi.

Irabu zinazogongana

Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza kina nyingi zaidi. Wachunguzi wa Kiingereza cha Afrika Mashariki, akiwamo Josef Schmied, wameonesha jinsi jozi za irabu za Kiingereza zinavyoungana katika matamshi ya eneo hili. Katika risala ya mahafali, jozi mbili zina madhara ya moja kwa moja. “Staff” na “stuff” zote huwa staf, hivyo walimu wanaoshukuriwa hufanana na vitu. Nayo “leave” na “live” zote huwa liv, na hii ndiyo jozi mbaya kuliko zote kwa kuwa kuondoka ndiko kunakoelezwa na risala nzima.

Inaweza kudaiwa kwamba hadhira yenyewe ina irabu tano zilezile na muktadha utaamua. Dai hilo lina ukweli kwa wazazi na walimu, ila mgeni rasmi anaweza kuwa mfadhili kutoka nje. Isitoshe, dawa ni rahisi: “our teachers” badala ya “staff”, na “as we go” badala ya “as we leave”. Hakuna sababu ya kumfundisha msomaji irabu mpya katika wiki ya mwisho iwapo neno jingine linatosha.

Mkazo na maneno marefu

Kanuni ya kutumia maneno mafupi husemwa kana kwamba haina ubaguzi. Ubaguzi upo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa “-tion” hufuata utaratibu uleule. “Education” na “graduation” ni marefu, lakini mkazo wake huangukia pale pale msomaji alipotarajia, na “n” ya mwisho haimlazimishi kuongeza irabu. Neno “development” lina urefu uleule, lakini mkazo wake uko kwenye silabi ya pili. Msomaji huusogeza mbele, hadi kwenye “men” iwapo ameongeza irabu mwishoni, na msikilizaji asiyezoea hulipoteza neno. “Certificate” lina kasoro hiyohiyo. Risala inaweza basi kubeba “education” bila wasiwasi na kuliacha “development”.

Mstari mmoja, pumzi moja

Mtunzi wa Kiswahili ana kipimo cha mstari ambacho mwandishi wa Kiingereza hana. Katika shairi la mizani 16, kila mshororo hugawanyika ukwapi na utao, kila kipande mizani minane. Sikio lililolelewa na tungo hizo hutambua kipande cha mizani minane bila kuhesabu. Kipimo hicho kinafaa kuwa ukomo wa mstari wa risala, ilimradi mizani ihesabiwe kama msomaji huyu anavyotamka, si kama kamusi ya Kiingereza inavyogawa. Kwa kuwa hutoa uzito sawa kwa kila silabi, pasipo kudhoofisha zile zisizo na mkazo, sentensi ileile humchukua muda mrefu kuliko Mwingereza.

Sehemu ya ombi la kisima, ikitungwa kwa kipimo hicho, inaweza kuwa hivi:

“The river is far.
We go there at four.
We are late again.
So we ask you for a well.”

Mstari wa tatu hutamkwa wi-a-le-ta-gen, mizani mitano. Wa nne ni so-wi-as-kyu-fo-a-wel, mizani saba, na ndio mrefu kuliko yote, kwa hiyo sauti hupanda kuuelekea. “So” inabeba uhusiano wa sababu na matokeo. Hili lisipuuzwe: mistari mifupi isiyo na viunganishi huwa orodha, na mgeni rasmi husikia malalamiko matatu yaliyotawanyika badala ya hoja moja. “So”, “but” na “and” ni silabi mojamoja na hukaa vyema mwanzoni mwa mstari.

Ukataji wa mstari nao una sharti lake: ukome mwishoni mwa kirai. Mstari unaoishia “We thank our”, na “teachers” likashuka chini, humfanya msomaji atue mahali ambapo maana haijatua. Karatasi iandikwe mstari kwa mstari, na ombi lisivukishwe kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Upo pia wema mwingine wa mpangilio huu. Wazazi wengi hawafuati Kiingereza, na pale mkalimani anapokuwapo, mstari wenye wazo moja humtosha kuutafsiri kabla haujafuata mwingine.

Mipaka na majaribio

Si kila kitu kinaweza kurahisishwa. Vyeo vya wageni havifupishwi kwa ajili ya ulimi, na idadi haibadilishwi. Wahitimu wakiwa 96, “ninety-six” haiwi “ninety” kwa sababu tu ya kuikwepa “x”. Nambari hupewa mstari wake, na kituo baada yake. Kwa upande mwingine, mistari yote ikiwa mizani mitano, usomaji hufanana na wa kitabu cha darasa la awali. Mstari wa mizani 10 au 11, wenye silabi wazi, huondoa uchovu huo.

Jaribio la kuaminika halihitaji mwalimu wa fonetiki. Msomaji husimama mwisho mmoja wa ukumbi, na mwenzake ambaye hajaiona risala hukaa mwisho wa pili akiandika anachosikia. Panapoandikwa neno lisilokuwamo, neno hubadilishwa. Panapoachwa wazi, mara nyingi mstari ni mrefu au umekatwa vibaya. Msomaji akivuta pumzi katikati ya mstari, alama huwekwa hapo hapo na mstari hugawanywa. Baada ya kusahihisha, mwandishi atafutwe mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza sasa anaijua risala na atasikia hata yasiyotamkwa.