Ombi la Kufanyia Kazi Nyumbani

Ombi la kufanyia kazi nyumbani kwa utaratibu wa kudumu mara nyingi hugonga mwamba kwa sababu linaeleza shida za mwombaji na kuziacha hofu za meneja bila majibu. Foleni za barabarani, nauli na uchovu ni mambo ya kweli, ila meneja anajiuliza mengine: kazi ipi itakwama, na utaratibu ukishindikana ataufutaje bila kuzua ugomvi. Swali hili la pili ndilo zito zaidi, na ndiyo maana ombi zuri huja na kipindi cha majaribio.

Mfano ni mhasibu wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam anayetaka kubaki nyumbani Jumanne na Alhamisi. Kabla ya kuandika lolote, huzigawa kazi zake mafungu mawili. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki, kuingiza ankara kwenye mfumo na kuandaa ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ni kazi za kwenye kompyuta. Kuhesabu fedha taslimu za ofisi, kukabidhi hundi na kupokea risiti za karatasi kunamtaka awepo. Ikiwa wauzaji hufuata hundi zao Alhamisi, basi siku hiyo haifai, hata kama ndiyo anayoipenda. Aombe Jumatano.

Sababu nazo zitokane na kazi yenyewe. Mhasibu huyu anaweza kuonyesha kwamba ulinganishaji wa benki, unaohitaji utulivu, humchukua siku tatu ofisini kwa kuwa mlango haufungwi. Wengine hupenda kutaja utafiti, na uliotajwa sana ni ule wa kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China, ulioanza mwaka 2010 na kusimamiwa na mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake. Wahudumu wa simu waliojitolea waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa. Utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa takriban nusu. Hata hivyo, baada ya jaribio wengi kati yao waliamua kurudi ofisini, upweke ukiwa miongoni mwa sababu. Kazi ya mhudumu wa simu huhesabika simu kwa simu. Ya mhasibu haihesabiki hivyo. Takwimu hiyo basi inafaa kumshawishi meneja kwamba inafaa kujaribu, si kumwahidi asilimia 13.

Kinga ziandikwe kwa namna inayoweza kukaguliwa. Badala ya kusema kwamba atapatikana wakati wote, mhasibu aandike kuwa atapokea simu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na ujumbe utajibiwa ndani ya nusu saa. Umeme au intaneti vikikatika, atatumia bando la simu. Vikizidi saa moja, atamwarifu meneja na kwenda ofisini. Mishahara ya wafanyakazi na taarifa za wateja zibaki kwenye kompyuta ya kampuni, isiyotumiwa na mtoto wala jirani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibana kampuni popote kazi inapofanyikia. Hati halisi zisitoke ofisini kabisa.

Majaribio ya mwezi mmoja ni mafupi mno kwa uhasibu. Miezi mitatu humpitisha mwombaji kwenye ufungaji wa hesabu mara tatu, na hapo ndipo kasoro hujitokeza. Kosa la kawaida ni kuanza bila kupima hali ilivyokuwa. Mhasibu achukue kwanza kumbukumbu za miezi mitatu iliyopita: hesabu zilifungwa tarehe ngapi, ankara ngapi zilichelewa, makosa mangapi yalirudishwa. Bila hizo, mwisho wa jaribio kila mtu atabaki na hisia zake, na hisia za meneja ndizo zitakazoamua.

Kuna kipimo kingine ambacho mwombaji hukisahau kwa urahisi: mzigo wa wenzake. Hesabu zinaweza kufungwa mapema huku karani wa mapokezi akiwa ndiye anayemtafutia faili na kuwatuliza wauzaji kila Jumanne. Dalili huonekana Jumatano asubuhi, maswali ya jana yanapokuwa yamerundikana mezani. Kwa hiyo kikao kifupi cha kila mwezi kimhusishe pia karani huyo.

Barua itaje tarehe ya kuanza, ya tathmini na ya mwisho, pamoja na sentensi kama hii: “Endapo vipimo havitafikiwa, nitarejea kwenye utaratibu wa kawaida Jumatatu inayofuata tathmini.” Tathmini ikionyesha kwamba siku moja imefaulu na nyingine imeleta usumbufu, kinachoombwa kuwa cha kudumu ni siku ile moja. Meneja akikubali, makubaliano yawekwe kwa maandishi na nakala ihifadhiwe kwenye jalada la mfanyakazi, kwa sababu meneja mpya halazimiki kukumbuka ahadi za mdomo za aliyemtangulia.